Kucha za Dada Siku ya Kuagwa

Pale saluni wateja walimwita Mama Mlangoni, na jina hilo alilichuma kwa kazi yake mwenyewe. Meza yake ilikuwa ya kwanza kushoto ukiingia, karibu kabisa na mlango wa kioo. Mteja aliyekuja kupakwa rangi ya kucha kwa ajili ya shughuli rasmi, hata awe na haraka kiasi gani, hakupakwa kidole cha pili mpaka ameinuliwa kitini, ameshikwa kiwiko na kupelekwa nje kizingitini akakitazame kidole cha kwanza kwenye mwanga wa mchana. "Twende mlangoni," ndivyo alivyosema, na hapakuwa na mjadala. Wapita njia walishazoea kuwaona akina mama wenye taulo mabegani wamesimama barabarani wakinyoosha kidole kimoja hewani.

Hakuwa na wazimu. Taa za ndani ya saluni zilikuwa za manjano, na mwenye saluni alizipenda kwa sababu zilimfanya kila mtu aonekane amelala usingizi wa kutosha. Lakini taa hizo zilikuwa waongo wakubwa. Rangi iliyopoa zilifanya ionekane ya moto, bluu iliyokoza zilifanya ionekane nyeusi, na mteja aliyeondoka akitabasamu alifika nyumbani akashangaa amepakwa nini. Kwa hiyo Mama Mlangoni alikuwa na masharti. Ulete nguo yenyewe utakayovaa, au hata kipande cha kitambaa kilichobaki kwa fundi cherehani, si picha ya simu. Useme utavaa dhahabu au fedha. Halafu yeye angekugeuza mkono, akatazama ngozi ya ndani ya kiganja cha mkono na si ya nje iliyochomwa na jua, ili ajue wekundu wake au umanjano wake. Baada ya hapo ndipo angechukua pete yake kubwa, kama ya funguo, yenye vipande vya kucha za plastiki, kila kipande na rangi yake, na kuviweka kimoja kimoja juu ya ukucha wako bila kusema neno.

Miaka kumi na minane alifanya kazi hiyo, na aliifanya vizuri kuliko watu wengi wanavyofanya kazi zao zenye ofisi. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani kosa lake lilitokana na kutojua.

Sasa, alikuwa na dada. Dada yake mkubwa alikuwa muuguzi, tena muuguzi mkuu wa wodi ya watoto katika hospitali kubwa ya mji, na katika ukoo wao huyo ndiye aliyekuwa mtu. Kukiwa na mgonjwa, anapigiwa dada. Kukiwa na ugomvi, anaitwa dada. Mtoto akifaulu mtihani, anaambiwa asome awe kama shangazi yake. Mama Mlangoni alikua akisikia wimbo huo na alizeeka akiusikia, na kila ulipoimbwa alitabasamu kwa adabu huku kijiba cha roho kikimkaba.

Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kitu kidogo tu. Siku alipomaliza mafunzo yake ya urembo, miaka kumi na minane nyuma, alikwenda nyumbani kwa mama yao na cheti chake mkononi. Watu walikuwa wamejaa sebuleni. Dada alikuwa ameketi na sare yake ya kazi, ametoka zamu. Alikichukua cheti, akakisoma juu mpaka chini, akakirudisha. "Kumbe siku hizi watu wanasomea kukata kucha," alisema. Watu wakacheka. Hata mama yao alicheka, Mungu amrehemu. Mama Mlangoni naye alicheka, maana ungefanyaje, lakini maneno hayo aliyaweka mahali ndani yake na hakuwahi kuyatoa.

Tangu siku hiyo dada hakuwahi kukanyaga saluni. Alikuwa na sababu yake nzuri, kwa sababu wauguzi wa wodi ile hawakuruhusiwa kupaka rangi ya kucha wala kufuga kucha ndefu, uchafu usije ukajificha humo na kumfikia mtoto mgonjwa. Miaka thelathini na moja alitembea na kucha tupu, zilizokatwa fupi, na mikono iliyooshwa kwa sabuni kali mara arobaini kwa siku. Mama Mlangoni alilijua hilo. Hata hivyo, moyo wenye donge hausikilizi sababu, na wake ulimwambia dada haji kwa sababu anaidharau kazi yake.

Kisha dada akafikia umri wa kustaafu. Hospitali ikapanga kumuaga Jumamosi, mchana, kwa hafla yenye hotuba na wageni na mganga mkuu mwenyewe. Habari zilipofika saluni, Mama Mlangoni alijikuta amefurahi. Alipiga hesabu kimoyomoyo: dada anastaafu, amri ya kucha tupu imekwisha, atataka kupendeza, na fundi wa kucha yupo ndani ya familia. Atakuja tu. Wiki nzima alimsubiri. Alinunua hata losheni ya mikono iliyo nzito, akaiweka kwenye droo, akijua hali ya mikono ile. Alishaamua na rangi kabla hata ya kuiona nguo, kisha alipoambiwa na binamu yao kwamba nguo ni gauni la kijani kilichoiva, lenye koti fupi na nakshi ya dhahabu shingoni, akaibadilisha rangi yake usiku akiwa kitandani. Nyekundu isingefaa, maana ingegombana na kijani kile. Angempaka kahawia ya mdalasini, iliyozidi ngozi yake kidogo tu kwa ukolezi, isiyo na mng'aro wa vumbi vumbi. Rangi inayoikaribia ngozi huvirefusha vidole vifupi, na ile yenye joto ingeitikia dhahabu ya shingoni. Aliiona kabisa.

Alhamisi mchana dada akaja. Aliingia na gauni lake ndani ya mfuko mrefu wa nguo, akasimama mlangoni akitweta kidogo, akawasalimu wote kwa sauti yake ile ya wodini. Mama Mlangoni alikuwa ameshika mkono wa mteja mwingine, mwalimu mmoja wa sekondari, lakini aliinuka nusu na kumwambia karibu dada, nimalizie hapa dakika kumi.

Dada akatazama chini. "Usijisumbue, mdogo wangu," alisema. "Nimeshaweka miadi na yule binti."

Yule binti ndiye aliyeitwa Kipusa. Alikuwa na meza yake ndani kabisa, chini ya taa zilizo nyingi. Alikuwa na miaka minne tu pale, mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu, alipaka ukucha kwa mapigo matatu ya brashi bila kugusa ngozi, na wateja vijana walimwulizia kwa jina. Mama Mlangoni alishaanza kumtazama kwa jicho la pembeni siku nyingi. Sasa dada yake, wa tumbo moja, alipita mbele ya meza yake, akaenda kuketi kwa Kipusa.

Niseme lipi hapo? Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alijikaza kisabuni, akarudi kwa mwalimu wake, akaendelea kusukuma ngozi ya ukucha kwa kijiti, na mwalimu akavuta mkono kwa maumivu. Akaomba radhi. Masikio yake yote mawili yalikuwa kule ndani. Alimsikia dada akicheka. Alimsikia Kipusa akimsifia gauni. Alisikia maji yakimiminwa kwenye bakuli la kulowekea vidole, akakumbuka losheni iliyo kwenye droo, na akaapa haitatoka humo.

Kwa nini Kipusa? Alijiuliza mara ishirini, na kila mara alijipa jibu baya zaidi ya lililotangulia. Anaona mimi ni wa kucha za watu wa mtaani. Anaogopa wenzake watamcheka akisema amepakwa na mdogo wake. Amekuja hapa hapa, mbele ya macho yangu, anionyeshe kwamba hata kwenye uwanja wangu mimi si kitu. Mwalimu wa sekondari alikuwa akisimulia habari za mitihani na hakuna aliyemsikiliza.

Kipusa, kwa upande wake, alifikiri kama fundi. Mama mtu mzima, anaagwa kwa heshima, wageni wakubwa. Kwa hiyo achague kitu cha upole kisichopiga kelele. Akatoa chupa ya waridi iliyopauka, yenye uzambarau kwa mbali na mng'aro wa lulu ndani yake. Mabibi harusi walikuwa wakiigombania msimu huo. Akampaka dada kidole kimoja cha pete, tabaka mbili. Chini ya zile taa za manjano rangi ilitulia, ikawa kama waridi ya kawaida yenye joto, na dada akakigeuza kidole huku na huku, akaonekana kuipenda.

Kipusa alikuwa na desturi moja nzuri: akipata mteja wa shughuli kubwa, humwuliza mkubwa wake wa kazi. Akageuka kitini. "Mama Mlangoni, hebu tazama," aliita. "Unaionaje hii kwa gauni la kijani?"

Dada naye akageuka, akauinua mkono. Gauni lilikuwa limetundikwa kwenye ndoano nyuma yake, mfuko umefunguliwa, dhahabu ya shingoni inaonekana.

Mama Mlangoni aliona kila kitu kwa mara moja. Aliona kwamba ule uzambarau na weupe uliochanganywa humo, kwenye mwanga wa mchana, ungesimama peke yake juu ya ngozi ile ya kahawia yenye wekundu kama unga uliomwagika. Aliona kwamba mng'aro wa lulu ungeichora wazi ile mistari ya wima ambayo kucha za mtu mzima huwa nayo. Aliona kwamba mikono iliyokaushwa na sabuni ingeonekana imekauka maradufu, na kwamba dhahabu ya shingoni ingekosa wa kuzungumza naye. Neno alilotakiwa kusema alilijua, alilisema kila siku ya Mungu, na lilikuwa na herufi chache. Twende mlangoni. Hatua kumi tu.

"Imekaa vizuri," alisema. "Inafaa sana."

Dada akamtazama kidogo, halafu uso wake ukafunguka wote. "Basi," akamwambia Kipusa. "Kama mdogo wangu amesema inafaa, paka zote."

Utamu aliousikia Mama Mlangoni wakati huo sitauficha, maana hata yeye mwenyewe hakuuficha baadaye. Alimvisha dada yake kilemba cha ukoka mchana kweupe, na kilimkaa. Aliendelea na kazi akiwa mwepesi, akamchekesha mwalimu, akampaka rangi ya damu ya mzee iliyompendeza mpaka mwalimu akamkumbatia. Dada alipotoka, kucha kumi zote zikimeta, jua lilikuwa limeshazama nyuma ya majengo na mlangoni palikuwa na kivuli. Hakuna aliyeona kitu. Dada akamgusa bega akipita, akasema tutaonana Jumamosi, na Mama Mlangoni akasema inshallah, dada, umependeza.

Ijumaa asubuhi utamu ulikuwa umepungua. Si kwamba alijuta. Tusimpe sifa asizostahili. Aliwaza tu kwamba bado kuna muda. Pamba, asetoni ya kufutia rangi, dakika ishirini, mambo yamekwisha. Angeweza hata kusema nilifikiri tena, dada, pita mara moja. Alipiga moyo konde, akampigia simu. Dada akapokea kwa furaha, na kabla mdogo wake hajafungua kinywa akaanza kumhesabia: mganga mkuu atahutubia, wodi nzima itakuja, wazazi wa watoto aliowauguza wamechanga zawadi, mmoja wa watoto hao sasa ni daktari na ndiye atakayemsindikiza kuingia ukumbini. Kila habari ilikuwa sindano. Mama Mlangoni alifikiria siku atakayoacha kazi yeye, akajiona akifunga droo yake na kumuaga mfagiaji.

"Ulikuwa unataka kuniambia nini, mdogo wangu?" dada akauliza mwishowe.

Akasema hakuna, alitaka tu kujua hafla inaanza saa ngapi.

Jumamosi ilianza kwa jua kali lisilo na wingu. Hafla haikufanyika ukumbini, kwa sababu wageni walizidi. Walitandika viti nje, kwenye uwanja wa nyasi kati ya wodi mbili, na turubai jeupe juu ya meza kuu. Mtu anayejua rangi angekwambia hapakuwa na mahali pabaya zaidi duniani. Turubai jeupe lilitawanya mwanga mweupe kila upande, mwanga usiosamehe kitu.

Dada akaingia ameshikwa mkono na yule daktari kijana. Gauni lilimkaa. Kijani kilikuwa kimekoza na kutulia, dhahabu ya shingoni ilimpa uso nuru, nywele zake zilikuwa zimetengenezwa vizuri. Halafu macho yakashuka mpaka kwenye mikono. Mama Mlangoni aliketi mstari wa pili, na hata pale aliona. Ilikuwa mbaya kuliko alivyokusudia. Kucha kumi zilikuwa na weupe wa chokaa wenye zambarau ya mtu aliyepigwa baridi, na mikono iliyozibeba ilionekana ya kijivu, imepauka, imezeeka miaka kumi mbele ya uso wake. Mama mmoja kwenye mstari wa mbele alimwinamia mwenzake akanong'ona, na wote wawili wakaitazama ile mikono.

Alitegemea kufurahi. Alilisubiri lile jambo tamu la Alhamisi lirudi, na halikurudi. Ni hivi: alikuwa amezoea kuona mikono mibaya ikiingia kwake na kutoka mizuri, na hakuwahi katika maisha yake kuona kazi ya kinyume. Hata chuki yake ilishindwa kuvumilia ufundi mbaya kiasi kile.

Hotuba zikapita. Mganga mkuu alitia chumvi kidogo, kama ilivyo ada, lakini mambo mengi yalikuwa kweli. Ndipo dada akasimama kuzungumza. Alishukuru hospitali, akashukuru wenzake, akawachekesha kwa kisa cha mtoto aliyejificha chini ya kitanda akitoroka sindano. Halafu akainua mikono yake miwili juu, kucha zikiwaelekea watu, na kuishikilia hivyo hivyo.

"Mnaziona hizi?" alisema. "Miaka thelathini na moja mmeniona na kucha tupu. Leo nimepaka rangi, mara yangu ya kwanza tangu nikiwa msichana. Na nataka mjue, rangi hii imepitishwa na mdogo wangu. Yule pale. Yeye ni fundi wa mambo haya, amesomea, na mjini hapa hakuna anayemzidi. Simama, mdogo wangu, wakuone."

Watu wakapiga makofi. Wauguzi wa wodi wakapiga vigelegele. Mama Mlangoni akasimama, kwa sababu magoti yalisimama yenyewe. Miaka kumi na minane alikuwa ameyangoja maneno yale, neno kwa neno: fundi, amesomea, hakuna anayemzidi. Alikuwa ameyangoja hata kwenye sebule tupu, yasikike na mtu mmoja. Sasa yalisemwa mbele ya watu mia mbili, kwa kipaza sauti, na mikono ile ya kijivu imeinuliwa hewani kama ushahidi. Yule mama wa mstari wa mbele aligeuka akamtazama fundi, akazitazama kucha, akamtazama tena fundi, na akapiga makofi mawili matatu ya heshima.

Hotuba zilipokwisha watu wakainuka kwenda kunywa vinywaji, na Mama Mlangoni akamvuta dada yake pembeni, nyuma ya turubai, palipokuwa na ngazi za wodi. Aliishika mikono yake yote miwili. Ilikuwa mara ya kwanza kuishika tangu utotoni. Ilikuwa mikavu, migumu kwenye vifundo, na ngozi ya ndani ya kiganja ilikuwa na wekundu ule ule aliokuwa ameukisia.

"Dada," alisema, "rangi hii haikufai."

"Najua," dada akajibu.

Mama Mlangoni akainua uso kumtazama.

"Niliona jana asubuhi," dada akasema, "nilipokuwa naanika nguo uani. Nilishtuka. Nikasema, mbona mikono yangu imekuwa hivi? Nikachukua pamba nizitoe. Halafu nikakumbuka wewe ulisema inafaa. Mimi kucha nazijua nini? Nikajiambia macho yangu ndiyo hayajui, mwenye kazi yake ameshasema. Nikairudisha pamba."

Kulikuwa na njia ya kutokea hapo, na Mama Mlangoni aliiona. Angeweza kusema taa za saluni zilimdanganya. Dada angeamini; alikuwa ameshaamini makubwa kuliko hayo.

"Nilijua tangu Alhamisi," alisema. "Nilijua ulipoinua mkono. Nilinyamaza makusudi, kwa sababu ulinipita ukaenda kwa Kipusa. Nilikuonea wivu, dada. Nimekuonea maisha yangu yote, na juzi nilipata pa kuutolea."

Dada hakuondoa mikono. Alizitazama kucha zake kwa muda, kisha akaketi kwenye ngazi na gauni lake zuri, akamvuta mdogo wake aketi naye. Alisema alikwenda kwa Kipusa kwa sababu aliona haya. Angemwambiaje nishike mikono, mtu ambaye yeye mwenyewe alimwaibisha mbele ya mama yao? Aliweka miadi kwa binti akitumaini kwamba mdogo wake atakuwa karibu na atatia neno, na kwamba neno hilo litamwonyesha kama amesamehewa. Liliposemwa, alifurahi njia nzima mpaka nyumbani.

"Na lile la cheti," dada akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "siku ile uliingia na kucha nyekundu, kila kidole. Mimi nilikuwa nimetoka kuosha vyombo vya wodi kwa dawa, mikono inanuka mpaka nashindwa kula. Nikakuona na kucha zako, unacheka. Sikuweza kuvumilia. Hebu fikiri, mtu mzima na sare yake, anaonea wivu kucha."

Upande wa pili wa turubai watu walikuwa wakicheka na kugonganisha glasi. Mama Mlangoni akafungua mkoba wake akaanza kupekua, maana fundi hatembei mikono mitupu, na mle ndani alikuwa na pamba na kichupa cha asetoni. Akalowesha pamba. Akasema dakika tano tu, kucha tupu ni bora kuliko hizi, hakuna atakayejua.

Kabla hajagusa kidole cha kwanza, mpiga picha akachungulia kutoka pembeni ya turubai. Akasema wote wamekwishajipanga, mganga mkuu ana safari, wanamsubiri Sista, ndivyo walivyomwita dada pale hospitalini, na familia yake kwa picha ile kubwa itakayowekwa kwenye ukuta wa mapokezi ya wodi.

Dada akainuka, akakung'uta gauni. Mama Mlangoni bado alikuwa na pamba mkononi, inadondosha. Akamwomba azifiche, azikunje ngumi, ashike mkoba mbele, ashike maua, kitu chochote.

"Nimeshawaambia watu ni kazi yako," dada akasema. "Nikizificha watajua naionea haya."

Wakaenda. Dada akasimamishwa katikati, mdogo wake kuliani kwake. Mpiga picha akawapanga, akawaambia wainue nyuso. Dada akaweka mkono wake wa kushoto juu ya wa kulia, mbele ya gauni la kijani, vidole vimenyooshwa, kucha zote zikitazama kamera, na mwanga wa kamera ukawaka juu yake mara tatu.